Shuka za Leo Si za Chumba cha Leo

Mwanangu, nyumba umeshakabidhiwa, na msimu uko mlangoni. Kufagia na kutandika unajua. Umelelewa na wanawake wasiovumilia mchanga chini ya kitanda. Ninalotaka kukwambia ni habari ya saa. Gesti yako ina vyumba saba, wahudumu wawili na mashine moja ya kufulia, na pale mapokezi pamebandikwa karatasi: kutoka saa 4:00 asubuhi, kuingia saa 8:00 mchana. Anayeisoma karatasi ile hudhani wahudumu wana saa nne za kuandaa vyumba. Hawana.

Hebu hesabu. Mgeni anayetakiwa atoke saa 4:00 huwa kweli yuko nje ya chumba saa 4:15, kwa sababu saa 4:00 ndiyo anakumbuka chaja iliyobaki ukutani. Adhuhuri inaingia kama saa 6:30, na baada ya sala watu wanakula. Hapo saa nzima imekwenda, na ni haki yao. Nyumba zetu za Mji Mkongwe nazo zina ngazi ndefu na nyembamba, na anayepanda na ndoo mkono mmoja na shuka begani hapandi mbio. Mgeni mpya naye hasubiri saa 8:00. Boti ya kwanza inayoondoka Dar es Salaam saa 1:00 asubuhi inafunga gati Malindi kama saa 3:00, na kwa miguu toka bandarini mpaka kwako si mbali. Kwa hiyo yuko atakayegonga mlango na mabegi yake hata kabla wa jana hajamaliza chai.

Watu wengi wakiona hivyo husema dawa ni kuongeza mikono. Mimi nakwambia kwanza tazama kamba za kuanikia.

Chukua chumba kimoja cha kitanda kikubwa: shuka mbili, foronya mbili, taulo mbili kubwa na ile ya miguuni. Ukivipima vyote vikiwa vikavu vinakaribia kilo tatu. Mashine yako ni ya kilo saba, kwa hiyo inabeba vyumba viwili kwa mkupuo, na mkupuo mmoja wa pamba kwa maji ya moto hauishi chini ya saa moja. Wakitoka wageni wa vyumba vitano, hiyo ni mikupuo mitatu. Hata ukiwasha mashine saa 3:00, ukibahatika na umeme usikatike, mkupuo wa mwisho unatoka adhuhuri, ukaanikwe juu ya nyumba, ukauke, ushuke, upigwe pasi. Katika jua la kaskazi shuka hukauka upesi, lakini upesi huo bado hautaiwahi saa 8:00.

Ndiyo maana nasema shuka unazovua leo usizitie kabisa katika hesabu ya vyumba vya leo. Chumba kitandikwe kwa seti iliyokwisha kukunjwa kabatini jana. Gesti inahitaji seti tatu kwa kila kitanda: moja kitandani, moja kwenye maji au kamba, moja kabatini imekauka na kupumzika. Kwa vitanda saba ni seti ishirini na moja. Mwenye mali atakwambia mbili zinatosha, kwa kuwa zinatosha siku zote ambazo hakuna haraka. Mwonyeshe hesabu ya mashine. Seti za akiba ni za bei nafuu kuliko mgeni kukaa barazani akitazama shuka yake ikipepea.

Na kamba nazo zipime kwa mita. Shuka ya kitanda kikubwa ikikunjwa mara moja juu ya kamba inachukua kama mita mbili na nusu, kwa hiyo chumba kimoja kinakula mita tano kwa shuka tu. Vyumba vitano ni mita ishirini na tano, na taulo na foronya zinaongeza kama kumi. Nimeona nyumba yenye mashine mbili mpya na kamba ya mita kumi na mbili. Nguo zilikuwa zinakaa kwenye beseni zikisubiri nafasi, zinachacha, zinarudishwa kufuliwa tena. Mwenye nyumba alikuwa akilaumu sabuni.

Sasa nije kwenye ratiba yenyewe. Ratiba ya kesho iandikwe usiku wa leo, baada ya Isha, pale ambapo wa boti ya jioni wameshaingia na hakuna tena wa kukushangaza. Tumia ubao mweupe jikoni, si daftari la mapokezi, kwa sababu daftari linakaa kwa mmoja na ubao unasomwa na wote. Andika chumba, anatoka saa ngapi, anaingia saa ngapi, kitanda kimoja kikubwa au viwili vidogo, na neno lolote la pembeni: mtoto, mgonjwa wa goti, ndege ya alfajiri. Saa za kutoka usizikisie. Mgeni akishuka kula chakula cha jioni muulize kwa upole kesho anaondoka na boti gani au gari la saa ngapi. Ukimuuliza usiku ni ukarimu, ukimgongea saa 3:55 asubuhi ni kufukuza.

Nikupe siku moja uone. Tuseme ni Agosti, nyumba imejaa. Wanaotoka ni wa vyumba 1, 3, 4, 6 na 7. Wanaobaki ni 2 na 5. Wa chumba 7, kule juu kabisa, ana ndege na ataondoka saa 11:00 alfajiri. Wa 3 anakwenda Nungwi, gari linamchukua saa 2:30. Wa 1 na wa 6 watatoka saa 4:00 kama ilivyoandikwa. Wa 4 ameomba mpaka saa 5:00. Wanaokuja ni mtu na mkewe kwa boti ya asubuhi, daftari limewapa chumba 4. Mwingine anafika saa 8:00 mchana, amepewa 6. Wa tatu anatua uwanja wa ndege saa 10:00 jioni, amepewa 3. Wa nne hafiki mpaka saa 2:00 usiku, na yeye daftari limempa 7. Chumba 1 hakina anayekuja.

Tazama jinsi daftari lilivyojifunga lenyewe. Chumba kilichokuwa tupu tangu alfajiri kinamsubiri mtu wa usiku, na watu wa boti ya saa 3:00 wamepewa chumba ambacho mwenyewe hatoki mpaka saa 5:00. Mhudumu hata awe na mikono minne hawezi kuliokoa hilo. Lakini wewe, usiku ule, ukiwa na kalamu tu, unaliokoa. Kama vitanda vinafanana na bei ni moja, wa boti wape 7. Wa saa 8:00 mpe 3. Wa jioni mpe 6. Wa usiku mpe 4, chumba kinachochelewa kuachwa. Uliza tu kabla hujahamisha kama wale wa boti ni wazee, maana 7 iko juu ya ngazi zote. Wakiwa wazee, wape 3, ipo ghorofa ya kwanza, wanywe chai kidogo kwanza, na 7 apande wa saa 8:00.

Asubuhi yake inakuwa hivi. Mhudumu wa kwanza anaingia saa 2:00, na kabla ya chai yake anapanda 7, anafungua madirisha, anavua kitanda. Wa pili yuko jikoni na kifungua kinywa, naye hatoki huko mpaka saa 4:00, usimhesabu. Saa 2:30 wa chumba 3 anaondoka. Wa kwanza anashuka dakika tano kukivua tu, anachanganya na shuka za 7, mashine inawashwa na mzigo kamili, anarudi juu kumalizia. Chumba cha kuandaa upya kinataka kama dakika arubaini na tano kwa mtu mmoja anayejua kazi. Saa 3:15 chumba 7 kipo tayari, na watu wa boti wanaingia mlangoni saa 3:30 wakiwa wamejiandaa kusikia kwamba wasubiri mpaka mchana. Baada ya hapo ni chumba 3, kinaisha saa 4:00 au kidogo baadaye.

Saa 4:15 wahudumu wako wote wawili wako huru, na hapo wafanye jambo moja kwa pamoja: wavue 1 na 6 mara moja, madirisha wazi, mzigo wa pili kwenye mashine, wa kwanza kwenye kamba. Kuvua ni dakika tano kwa chumba, na ndiko kunakoiondolea mashine kukaa bure. Kisha mmoja anamalizia 6 na mwingine anachungulia 2 na 5, wale wanaobaki. Hao huwa wameshatoka kwenda mashamba ya viungo au kisiwani Changuu, na chumba cha anayebaki hakizidi dakika ishirini: kitanda kinyooshwe, taka zitolewe, choo, sakafu, maji ya kunywa. Saa 5:00 wa chumba 4 anatoka, kinavuliwa, mzigo wa tatu unaingia. Ikifika adhuhuri umebakiwa na 4 na 1 tu, na hakuna anayekuja kuvidai kabla ya usiku. Watu wako wanasali, wanakula wamekaa, wanarudi saa 7:30, na saa 8:45 nyumba nzima imekwisha.

Linganisha na yule anayefuata namba za milango. Angeanza na chumba 1, ambacho hakina mgeni anayekuja, akaenda 3, akasimama mlangoni mwa 4 akisubiri mtu atoke, na wa boti wangekaa barazani hadi karibu na adhuhuri. Kazi ni ile ile, jasho ni lile lile.

Ndani ya chumba pia kuna foleni, na wengi hukosea hapa kwa sababu kila mtu ana njia aliyofundishwa na mama yake. Kwanza dirisha, kwa sababu hewa inafanya kazi bila mshahara wakati wewe unafanya nyingine. Kuta hizi za mawe ya matumbawe na chokaa zinakunywa unyevu, na chumba kilichofungwa usiku kucha na kiyoyozi kikifunguliwa kina harufu ambayo manukato huizidisha tu. Kisha chandarua kifungwe juu, na kitanda kivuliwe kipande kimoja kimoja, kila shuka ikikung'utwa. Pete, pasi za kusafiria na miwani hukaa ndani ya mikunjo. Halafu nenda chooni, mwaga dawa ndani ya bakuli na kwenye vigae, uiache. Dawa ya vijidudu inahitaji dakika kadhaa ikiwa imelowana, karibu kumi kwa nyingi, na ukiimwaga na kuisugua hapo hapo umesugua maji yenye harufu tu. Soma kibandiko cha chupa. Na tafadhali, jiki isikutane na dawa ya choo yenye asidi katika bakuli moja. Moshi unaotoka hapo ni klorini, na vyoo vyetu ni vidogo, havina pa kukimbilia.

Wakati dawa inafanya kazi, panda kigoda ufute feni ya darini. Foronya kuukuu ivishwe kwenye bawa la feni kama mto, ivutwe, vumbi lote libaki ndani. Feni lazima itangulie kitanda. Nimekuta kitanda cheupe kimetandikwa vizuri, kisha mgeni akawasha feni usiku, na asubuhi mto una madoadoa ya kijivu. Baada ya feni, vumbi la meza na fremu, kisha ndipo kitanda, mikono ikiwa bado haijagusa choo. Choo kinafuata, na vitambaa vyake viwe rangi yake peke yake. Sakafu ni ya mwisho, ukirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, feni imewashwa ili ikauke.

Tundu la bafu usilisahau. Wageni wa mwambao wanaleta mchanga kwenye nywele na nguo za kuogelea, na mchanga ukishikana na nywele unaziba polepole, hauzibi siku moja. Mwaga ndoo moja ya maji kwa mara moja utazame yanavyokwenda. Yakizunguka kwa uvivu, toa kichujio leo, kwa sababu kesho asubuhi atakuwa anaoga mtu mwenye boti ya kuwahi.

Kwenye ubao, kila chumba kiwe na neno moja kati ya manne: kina mtu, tupu, safi, tayari. Safi na tayari si kitu kimoja. Safi ni pale mhudumu ametoka. Tayari ni pale mtu mwingine ameingia, amefungua maji ya moto, amevuta choo, amewasha taa zote na kiyoyozi, na amekaa pembeni mwa kitanda akatazama kile atakachokiona mgeni akiwa amelala. Dakika tatu. Mapokezi wasitoe ufunguo kwa neno jingine ila tayari, hata mgeni awe anatoka jasho na kulalamika. Mpe maji baridi, weka mabegi yake kwenye chumba cha mizigo, mwelekeze Forodhani akapate upepo.

Kuhusu kuchelewa kutoka: usilijibu ombi kwa kumtazama mtu usoni, utaona haya na utakubali. Litazame kwenye ubao. Kama anayeingia chumba hicho anafika usiku, mkubalie, tena kwa furaha. Kama anafika saa 8:00, mwambie chumba kina mtu, lakini bafu la chini lipo, taulo ipo, mabegi yatatunzwa, akatembee Darajani mpaka saa ya boti yake. Ukichunguza, wengi wanaoomba saa mbili zaidi hawataki kitanda, wanataka kuoga kabla ya safari. Bafu lile la chini mlilolifanya stoo ya rangi, lifungue; litakurudishia saa nyingi kuliko mhudumu wa tatu.

Kuna madoa yanayovunja ratiba, na hapa Unguja yetu ni hina na piko. Mgeni anachorwa mkono jioni ufukweni, analala nao mbichi, na asubuhi shuka ina ua jeusi. Doa hilo usilipeleke kwenye mzigo wa kawaida. Litoe pembeni, liloweke peke yake, na seti ya akiba iingie kazini. Weka taulo ya rangi nyeusi katika kila chumba na mwambie mgeni ni ya hina na ya kufutia vipodozi. Huwa wanashukuru, kwani wenyewe huona aibu.

Masika yakija, kuanzia Machi mwishoni mpaka Mei, hesabu yote ya kamba inavunjika. Shuka inaweza kukaa juu ya kamba siku mbili na bado ina ubaridi. Wageni nao wanapungua, na hiyo ndiyo nafasi yako: usiuze chumba kile kile mfululizo. Akitoka mtu wa 3, anayefuata mpe 5, chumba 3 kikae siku moja madirisha wazi na shuka zake zitandazwe humo ndani chini ya feni. Seti ya nne kwa kila kitanda ndiyo inayokutoa masika. Kabla ya kukunja, bana upindo wa shuka kwa vidole, si katikati, kwa kuwa upindo una kitambaa kilichokunjwa mara mbili na hukauka mwisho. Ukiwa na ubaridi, usikunje. Shuka ikikunjwa na unyevu wa pindo tu, ndani ya siku chache kabati lote litanuka ukungu, na vidoadoa vyeusi vikishaota kwenye pamba havitoki kirahisi hata kwa jiki.

Ijumaa mpangilio ni mwingine, unaujua. Kama wahudumu wako ni wanaume, wameondoka kabla ya saa 6:00 na hawarudi mpaka saa 7:30, kwa hiyo vyumba vya saa 8:00 viwe vimekwisha saa 5:30, na usimkubalie mtu kuchelewa kutoka siku hiyo. Mwezi wa Ramadhani sogeza kazi nzito zote asubuhi, watu wakiwa bado na nguvu za daku, na feni, madirisha na kufua mapazia viahirishe mpaka baada ya Idi.

Na itakuja siku mhudumu mmoja hatatokea, mtoto ana homa au daladala haikupita. Siku hiyo usijaribu kufanya yote kwa mtu mmoja kwa kukimbia. Punguza. Wanaobaki wapewe taulo safi mlangoni, taka zitolewe, basi, na waombwe radhi kabla hawajagundua. Chumba kisicho na mgeni kivuliwe, kifunguliwe madirisha, kifungwe ufunguo, na mapokezi waambiwe hakiuzwi leo hata akija mtu na fedha mkononi. Wewe mwenyewe funga kanga kiunoni, shika kufua na kuanika, mhudumu umwachie vitanda na vyoo asikatishwe. Chumba cha mtu wa saa 8:00 ndicho cha kwanza, na cha mtu wa usiku hakiguswi mpaka alasiri.